VeraCrypt ilinambia nimesahau nywila, na sikuwa nimesahau

Nilitaka kuipa VeraCrypt, programu ya kusimba data kwa nywila, nyota moja, na ile moja kwa shingo upande. Kontena langu la gigabaiti 20, faili moja lililosimbwa lenye miaka ya kazi yangu ndani, lilikataa kufunguka. Jibu la programu lilikuwa orodha ya makosa yangu: `Incorrect password`, PIM si sahihi, hashi si sahihi, na chini kwenye orodha, kama jambo lisilo na uzito, `Not a valid volume`. Nywila ile naiandika kila siku, vidole vyangu vinaijua kuliko mimi. Nikaiandika mara mbili, herufi moja moja, kisha nikafunga kompyuta kabla sijaivunja.

Siku chache kabla, diski yangu ya nje ilikuwa imeanza kukwama, fundi akanihamishia faili zote kwenye diski mpya. Nikampigia. Hata sijamaliza kueleza: "Dada, umesahau nywila. Hiyo haina dawa." Akakata simu. Sauti ile bado naisikia.

Hasira ndiyo iliyonifanya nitazame mwanzo wa faili lenyewe:

```
xxd -l 64 kazi.hc
```

Sifuri tupu. Hapo nikajua nywila yangu haina hatia. Baiti 64 za kwanza za kontena huwa ni chumvi, yaani data ya nasibu, na kinachofuata kimesimbwa, kwa hiyo heda nzima, yaani sehemu ya mwanzo ambayo programu huisoma kwanza, lazima ionekane kama vurugu. Ingekuwa vurugu, ningeanza kujishuku mwenyewe. Sifuri zilikwenda hadi baiti ya 4096, kisha vurugu ikaanza. Baiti 4096 ni sekta moja ya diski nyingi za leo. Sekta hiyo haikusomeka, programu ya kunakili ikajaza sifuri mahali pake na kuendelea na safari, na fundi akaniambia kila kitu kimehama salama.

Sekta moja tu, lakini ndiyo yenye heda, na ndani ya heda kuna ufunguo mkuu unaosimba data yote. Nywila haifungui data moja kwa moja, inafungua heda. Heda ikifa, unaweza kuijua nywila yako hadi kaburini na isikusaidie kitu.

Sasa hapa ndipo natakiwa kuwa mwadilifu, ingawa sipendi. VeraCrypt huweka heda ya akiba ndani ya kontena lile lile, kwenye kilobaiti 128 za mwisho. Kwa hiyo swali pekee lilikuwa kama mkia wa faili upo. Ukubwa wake ulikuwa baiti 21474836480, sawasawa na gigabaiti 20 nilizoliundia, maana yake halikukatwa. Lingekatwa mkia, akiba nayo ingekuwa imekwenda na maji, na ningekuwa naandika maneno mengine kabisa.

Nikanakili faili zima kwanza, kwa sababu sikumwamini mtu yeyote tena, mimi mwenyewe nikiwemo. Kisha, kwenye nakala, nikafungua kwa heda ya akiba, kwa kusoma tu:

```
veracrypt --text -m headerbak,ro nakala.hc /mnt/kazi
```

Nywila ile ile niliyoambiwa nimeisahau. Ikafunguka. Nilikaa nikitazama majina ya mafaili yangu bila kugusa kitu.

Baada ya kulifunga, nikaitengeneza heda yenyewe:

```
veracrypt --text --restore-headers nakala.hc
```

Inauliza unataka akiba iliyo ndani ya kontena au ya faili la nje. Nikachagua ya ndani. Ikadai niandike herufi 320 za ovyo ili ipate unasibu wa kutengenezea chumvi mpya, nami nikazipiga kwa hasira yote niliyokuwa nayo kwa fundi. Tangu hapo linafunguka kawaida. Data huanza baada ya kilobaiti 128 za mwanzo, ndiyo maana hakuna faili lililoguswa. Uharibifu ungevuka hapo, heda ingerudi lakini mfumo wa mafaili ungehitaji matengenezo yake.

Basi nyota nne? Nilikuwa nimeshaandika nne, nikakumbuka ule ujumbe. Programu inayojua ina akiba mkiani, mbona haikunidokeza jaribio la kwanza? Najua, heda iliyoharibika na nywila mbovu kwake ni kitu kimoja: inajaribu kusimbua, ikikosa neno `VERA` inakata tamaa. Lakini sifuri tupu kila mtu anaziona!

Tatu. Na siku hiyo hiyo nilitoa heda kwa `--backup-headers` nikaiweka kwenye diski nyingine, nikijua nikibadilisha nywila lazima niitoe upya, kwa sababu ile ya zamani itaendelea kufunguka kwa nywila ya zamani. Fundi sijamrudishia simu.