Sola ya kulipa kidogo kidogo: nilivyousoma mkataba kabla ya kusaini, na ulivyoisha

Nalima chai na ndizi upande wa Tukuyu, wilaya ya Rungwe. Nguzo za umeme wa REA zimefika kijijini lakini zimeishia karibu na zahanati, na ile ada ya 27,000 ya kuunganishiwa umeme haikusaidii kama nguzo iko mbali na nyumba yako. Nilichukua sola ya kulipa kidogo kidogo: paneli moja, kisanduku chenye betri, taa nne, redio na waya za kuchaji simu. Nimeshamaliza kulipa. Taa ni nzuri na sina malalamiko nazo. Nataka kueleza mkataba, kwa sababu mawakala wanasifia taa tu, na fedha yako yote iko kwenye yale maandishi madogo.

Kijana aliyekuja nyumbani alitaka nisaini kwa kidole kwenye simu yake. Nikamwambia, "Mwanangu, kwanza nipe karatasi niisome." Akasema karatasi ziko ofisini, mama, wengine wote wanasaini hapa hapa. Nikamjibu kwamba basi tutaonana akija nayo. Alirudi nayo, kurasa mbili za Kiswahili, tukakaa barazani tukaisoma pamoja. Nampa haki yake, hakuonyesha kuchoka.

Bei ilikuwa imeandikwa kwa vipande: kianzio 50,000, halafu 900 kwa siku kwa siku 600. Jumla haikuandikwa popote, ikabidi niipige mwenyewe. Mia tisa mara 600 ni 540,000. Ukiongeza kianzio inakuwa 590,000. Nikauliza bei ya kulipa taslimu, akapiga simu, akaambiwa 430,000. Kwa hiyo kulipa kidogo kidogo kunagharimu 160,000 zaidi. Mimi sikuona ni wizi, maana fedha ya mtu mwingine ina bei yake na 430,000 kwa mkupuo sikuwa nayo. Ila niliandika hesabu hiyo pembeni ya karatasi kabla ya kuendelea, na ningemwomba kila mtu afanye hivyo.

Kilichonichukua muda zaidi ni zile siku 600. Wakala alisema, "Ni miezi 20 tu, mama." Mkataba haukusema miezi 20. Ulisema siku 600 zilizolipiwa. Siku ambayo hujalipia, kisanduku kinajifunga, taa haziwaki, na siku hiyo haihesabiki kwenye 600. Hakuna faini, na hilo ni jambo jema kwa sisi ambao kipato chetu kina msimu. Huku kwetu chai inatoa majani mengi wakati wa mvua, kisha kuanzia Juni baridi inaingia, majani yanapungua na hela nayo inapungua. Mtu anaweza kulipia siku 20 kwa mwezi na kukaa gizani siku 10, na bado yuko ndani ya mkataba.

Sasa chukua mtu huyo wa siku 20. Siku 600 ukizigawa kwa 20 unapata miezi 30. Nenda kwenye kifungu cha dhamana ya betri: miezi 24, kuanzia siku ya kufungiwa. Hiyo inafuata kalenda, haisimami kisanduku kikijifunga. Maana yake miezi sita ya mwisho mtu huyo analipa siku 120, yaani 108,000, kwa kifaa ambacho betri yake ikifa kampuni haina wajibu wa kuibadilisha, na kwa kuwa bado si mali yake haruhusiwi kumpa fundi akifungue. Nilimwonyesha wakala mistari hiyo miwili kwa kidole, mmoja ukurasa wa kwanza na mwingine wa pili. Alikiri kwamba hajawahi kuisoma pamoja.

Niliomba dhamana iendelee mpaka siku ya malipo ya mwisho. Walikataa. Nilichoweza kufanya ni kupanga malipo yangu: msimu wa chai nalipia wiki kadhaa mbele, ili Juni mpaka Septemba nisifungiwe mara nyingi na nimalize dhamana ikiwa bado hai. Kabla ya kupanga hivyo niliuliza kama siku za mbele zinaweza kupotea, nikajibiwa zinajikusanya kwenye kisanduku. Hilo lilikuwa limeandikwa. Punguzo la kumaliza mapema halikuwapo, lakini uliza, maana kuna kampuni zinazolitoa.

Kifungu cha kunyang'anywa kilisema kampuni inaweza kuja kuchukua vifaa "mteja asipolipa kwa siku 60". Nikauliza: 60 mfululizo, au 60 za kujumlisha tangu mwanzo? Tofauti ni kubwa. Yule wa kufungiwa siku 10 kila mwezi hafikishi 60 mfululizo hata siku moja, lakini kwa kujumlisha anazifikisha mwezi wa sita. Wakala alisema ni mfululizo. Nikamwomba aliandike neno hilo kwa kalamu kwenye nakala zote mbili, tukasaini pembeni yake. Tusome pia mstari unaofuata: vifaa vikichukuliwa, kianzio na siku ulizolipia hazirudishwi. Aliyelipa siku 500 na aliyelipa siku 50 wanaondokewa na kisanduku sawasawa. Hapo ndipo mkataba huu ulinikera, na bado unanikera.

Kuhusu kujifunga kwenyewe, kuna mambo mawili ya kujua. Kisanduku chetu ni cha kubonyeza namba. Unalipa kwa simu, meseji inakuja na namba ndefu, unaibonyeza, siku zinaongezeka. Hakihitaji mtandao nyumbani, ila kila namba imetengenezwa kwa ajili ya kisanduku kimoja tu na hutumika mara moja. Kwa hiyo kabla ya kusaini nilikigeuza kisanduku nikalinganisha namba iliyobandikwa chini na ile ya kwenye mkataba, tarakimu kwa tarakimu. Zikitofautiana unaweza kulipa na namba ikakataa, kumbe imetengenezwa kwa kisanduku kingine.

La pili ni la Rungwe hasa. Unalipia siku, hulipii umeme. Mvua za Machi na Aprili zikishika, ukungu unaweza kukaa juu ya migomba tangu asubuhi, paneli inachaji kidogo sana, na taa zinazima mapema usiku. Siku yako inahesabika ile ile. Majirani wengi hufikiri wamefungiwa, wanaenda kulipa tena, na giza linabaki. Angalia kisanduku: kama kinaonyesha una siku na alama ya betri iko chini, tatizo ni jua. Kama siku ni sifuri na betri imejaa, hapo umefungiwa, kwa sababu paneli huendelea kuchaji hata kisanduku kikiwa kimejifunga. Kinachozuiwa ni umeme wa kutoka. Nilimuuliza wakala kama kuna fidia ya siku za ukungu. Hakuna. Heri nilijua mapema, nikachagua upande wa paa usiofunikwa na mparachichi.

Tukafika kwenye umiliki. Kifungu kilisema vifaa ni mali ya kampuni mpaka mteja amalize malipo yote "chini ya mkataba huu au mkataba mwingine wowote kati yake na kampuni". Hayo maneno ya mwishoni niliyasoma kwa sauti. Wakala akanieleza kwamba ni kwa wanaoongeza televisheni baadaye. Nilielewa uzito wake kwa jirani yangu, mama mjane ambaye sola yake ilikuwa imebakiza kidogo sana kuisha. Akapewa televisheni kwa mkopo mpya. Mahindi yalipomwendea vibaya akashindwa kulipa, na kilichofungwa hakikuwa televisheni peke yake: kisanduku ni kimoja, kwa hiyo na taa zote zilizima, zile alizokwisha kuzilipia karibu zote. Watoto wakarudi kwenye tochi za simu. Kwa mkataba wake kampuni ilikuwa na haki, na ndiyo maana nasema kifungu hicho kinatakiwa kisomwe kabla ya televisheni kuletwa sebuleni. Mimi waliponipigia kunipa televisheni niliwaambia kwanza nifunguliwe jumla, nipate barua, halafu tuzungumze.

Kufunguliwa jumla ni hatua ya peke yake. Kumaliza siku ya 600 hakukifanyi kisanduku kijue kwamba umemaliza. Kinasubiri namba ya mwisho, inayokiondolea hesabu ya siku kabisa. Mkataba wangu ulisema namba hiyo itatolewa ndani ya siku saba baada ya malipo ya mwisho. Haikuja kwa wakati. Huduma kwa wateja waliniambia mfumo bado unaonyesha nadaiwa malipo kadhaa. Nilikuwa nimetunza meseji zote za malipo, na kila mwisho wa mwezi nilikuwa nanakili namba za miamala kwenye daftari, kwa kuwa simu hupotea. Nilienda ofisini kwao nikaliweka daftari mezani. Dada aliyekuwepo alipitia mstari kwa mstari, akakuta malipo ambayo hayakuwa yameingizwa kwenye akaunti yangu, akayaingiza. Namba ikatoka siku ile ile. Nilibonyeza, na sehemu iliyokuwa ikionyesha siku zilizobaki ikawa haionyeshi tena hesabu.

Sikuondoka bila barua. Waliniambia namba inatosha. Nikasema haitoshi, kwa sababu kisanduku kilichofunguliwa na kisanduku kilichoibwa kikachezewa vinafanana machoni pa mtu. Barua ina jina langu, namba ya kisanduku, jumla niliyolipa, tarehe ya malipo ya mwisho na maneno kwamba kampuni haidai kitu na vifaa ni mali yangu. Ina mhuri.

Je, ningeichukua tena? Ndiyo, kwa bei ile na kwa kulipa mbele msimu wa chai. Kwa mtu ambaye hana hakika ya kulipia angalau siku 25 kwa mwezi, ningemshauri atafute seti ndogo zaidi, ya taa mbili, ili amalize ndani ya dhamana: siku 600 kwa 25 ni miezi 24 kamili, hakuna nafasi ya kuteleza.

Betri yangu imeanza kuchoka, ukungu wa siku mbili tu unaizidi. Fundi wa mjini alipokiona kisanduku alikataa kukigusa, akisema za kampuni hizi hafungui. Nikampa barua. Aliisoma mpaka mwisho, akalinganisha namba, kisha akachukua bisibisi.