Polarimita ya kufuatilia sukari ikigeuka: ipi ununue Lubumbashi

Kwa maabara ya shule hapa Lubumbashi, ya kwanza kwangu ni polarimita ya mkono yenye taa ya ledi, kichujio cha nanomita 589 na mrija wa desimita 2. Ya pili ni ya kidijitali inayoshika joto yenyewe: ni bora kwa vipimo, lakini bei yake itameza bajeti yote. Ya tatu ni ile ya taa ya sodiamu. Mwanga wake ni safi, ila taa hutaka dakika kadhaa kupata moto, na umeme ukikatika katikati ya jaribio sukari haikungoji. Ledi unaiwashia betri ndogo, unaendelea.

Urefu wa mrija si jambo dogo. Yeyusha gramu 20 za sukari, ongeza maji hadi mililita 100, chota mililita 25, kisha changanya na mililita 25 za asidi hidrokloriki. Sasa sukari ni gramu 0.1 kwa mililita. Mzunguko mahususi wa sukrosi ni +66.5, kwa hiyo:

```
α = [α] × l × c = 66.5 × 2 × 0.1 = 13.3°
```

Asidi inapovunja sukrosi kuwa glukosi na fruktosi, yaani sukari inapogeuka, fruktosi huvuta mwanga kushoto kwa nguvu zaidi, na usomaji hushuka hadi karibu −4.2°. Safari nzima ni 17.5°. Kwa mrija wa desimita 1 ungepata nusu tu, huku kosa la jicho lako likibaki lile lile.

Tuseme baada ya dakika 30 umesoma 8.2°. Kasi ya mmenyuko, k, inatoka kwenye usomaji wa mwanzo α0, wa sasa αt na wa mwisho α∞:

```
k = ln[(α0 − α∞)/(αt − α∞)] / t
  = ln(17.5/12.4) / 30 = 0.0115 kwa dakika
```

Nusu ya sukari itakuwa imegeuka kwenye saa moja, yaani usome takriban 4.5°. Ukikuta tofauti kubwa, shuku joto kwanza. Asubuhi ya Juni chumba ni baridi, mchana kinapata joto, na kasi ya mmenyuko hubadilika nalo. Mrija wenye koti la maji unastahili pesa ya ziada. Na duara lililoandikwa 0 hadi 180 litakuonyesha 175.8 mwishoni: hiyo ndiyo −4.2, usishtuke.

Kabla ya kulipa, Mwalimu, beba sukari nyeupe kavu dukani. Soma maji matupu kwanza, kisha gramu 10 katika mililita 100. Ukitoa usomaji wa maji, ibaki 13.3° hivi. Ikitoka 38 na kitu, umepewa mashine ya viwanda vya sukari, ambayo hesabu yake si ya digrii za kawaida. Usikaze kifuniko cha mrija kupita kiasi: kioo kilichobanwa hugeuza mwanga chenyewe, na utalaumu sukari bure.

Muuzaji akikuletea kifaa cha Brix akisema ni kile kile, mrudishie. Kinasoma wingi wa kilichoyeyuka, na sukari ikigeuka usomaji wake hausogei kwa kiasi cha kukufaa. Vioo vya akiba na mipira ya mrija viagize pamoja na mashine, maana kufuata kipande kimoja hadi ng'ambo ya Kasumbalesa ni gharama.