SHA, akiba ya M-Shwari na nauli ya usiku: uzoefu wangu wa kujifungua kutoka Kobura

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa enzi za Linda Mama, ule mpango wa serikali wa kujifungua bure. Wakati ule ulijiandikisha kwa kitambulisho na mimba yako, basi, hakuna aliyekuuliza habari za michango. Wa pili amezaliwa chini ya SHA, bima mpya ya afya ya serikali, na mambo ni tofauti. Kujiandikisha kwa *147# ni bure, na kliniki za ujauzito kwenye zahanati yetu sikulipia. Lakini gharama ya kujifungua inatoka kwenye mfuko wa wanaochangia, kwa hiyo michango lazima iwe imelipwa.

Mimi ni fundi cherehani pale Ahero, mume wangu ni kibarua kwenye mashamba ya mpunga. Sisi tusio na mshahara tulitakiwa kulipa mwaka mzima kwa mpigo. Baada ya kujibu maswali yao kuhusu nyumba, paa, choo na kadhalika, tuliwekewa shilingi 500 kwa mwezi, yaani 6,000 kwa mwaka. Kiwango cha chini kabisa ni 300 kwa mwezi. Niliomba akina mama wa chama wanisogezee zamu yangu, nikalipa yote mimba ikiwa bado changa. Aliyejiandikisha kama mwenye bima ni mume wangu, kwa hiyo nilihakikisha jina langu linaonekana chini yake kama mke. Mume wa jirani yangu alikuwa amelipa, lakini jirani mwenyewe hakuwa ameongezwa. Aligundua akiwa dirishani, uchungu umeshaanza.

SHA hulipa hospitali shilingi 10,000 kwa uzazi wa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Hospitali binafsi ikitoza zaidi ya hapo, tofauti ni yako. Uliza hilo mapema, na uulize kwa mhasibu. Wauguzi mara nyingi hawajui.

Vitu ambavyo bima haikunilipia, yaani altrasaundi niliyofanyiwa nje, dawa za kununua duka la dawa, nguo za mtoto, pamba na chakula cha anayekuuguza, niliviwekea akiba iliyofungwa ya M-Shwari kwenye simu. Kila nguo ya shule niliyoshona, kitu kidogo kilienda huko. Kwa mtu kama mimi ambaye pesa ikiwa kwenye simu inaonwa na kila mwenye shida, kufungiwa ni baraka. Ila ukitaka kuivunja kabla ya muda wake, unasubiri saa 48. Kifafa cha mimba hakisubiri saa 48. Ndiyo maana pesa ya gari sikuiweka huko hata senti.

Na hapa ndipo nataka mtu wa Kano anisikilize. Tarehe yangu iliangukia Mei, katikati ya masika, na mto Nyando ukifurika barabara zetu za ndani hazipitiki. Nilimwendea mwenye Probox mmoja mapema nikamuuliza bei mbili: ya kiangazi, na ya usiku wa mafuriko anapolazimika kuzunguka. Ya kwanza alisema 1,500. Ya pili 3,000, na mafuta alipwe kabla ya kuwasha gari. Wa boda alisema angetupeleka hadi lami kwa 300, lakini mwenyewe alikiri kwamba maji yakifika magotini hajaribu. Kwa hiyo niliweka 3,000 kwenye M-Pesa ya mume wangu, si yangu, kwa sababu mgonjwa ndiye mimi. Noti ya elfu moja niliiingiza ndani ya jalada la kijitabu cha kliniki, ya mafuta, maana mtandao wetu mvua ikinyesha huwa unapotea.

Wiki ya 37 nilianza kuumwa kichwa na kuona vimulimuli. Sista wa zahanati alipima presha, akapima mkojo akakuta protini, akaandika barua ya rufaa palepale. Ambulansi ya kaunti ilikuwa imetoka na mgonjwa mwingine. Tulimpigia Probox saa tatu usiku, akachukua ile elfu, akajaza mafuta Ahero, tukazunguka hadi Kisumu. Nilianzishiwa uchungu, haukuendelea, nikapasuliwa. Kaunta ya bima ilituweka muda mrefu kwa madai kwamba mtandao wao umelala, lakini matibabu yalikuwa yameshaanza, na bili ya upasuaji hatukuilipa sisi.

Kilichotutoka mfukoni ni gari, chakula, na dawa moja ya presha ambayo haikuwepo famasi ya hospitali. Pia tuliombwa ndugu wawili wa kutoa damu. Shemeji zangu walikuja kwa matatu asubuhi, nauli yao tukawarudishia, na hiyo sikuwa nimeihesabu kabisa. Siku ya kutoka, akiba ya M-Shwari ilikuwa bado imefungwa. Ilifunguka wakati wa kurudi kukagua kidonda, ikalipa nauli ya wote wawili na kodi ya kibanda changu, kwa sababu cherehani ilikuwa imekaa kimya muda wote huo.