Boxer 100 ya mkononi: miezi saba ya kupeleka mizigo Kampala

Pikipiki yangu ya kwanza ya kazi ilikuwa cc 150 yenye jina ambalo hata fundi wangu alilisoma mara mbili. Niliinunua kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko Boxer ya umri uleule, na ilikuwa na nguvu kweli. Mwezi wa tatu CDI, kile kisanduku kinachoipa plagi cheche, ikafa. Nikazunguka Ndeeba siku nzima, duka hadi duka. Za Boxer zimejaa, za TVS zimejaa, yangu hakuna. Fundi akajaribu kufunga ya pikipiki nyingine, nyaya hazikulingana. Nilikaa siku tisa bila kazi nikisubiri mtu ailete kutoka nje ya mji. Niliiuza kwa hasara.

Safari ya pili nilianza kwenye spea kabla ya kutazama pikipiki yoyote. Niliingia maduka matatu ya karibu na ninapolala, siyo ya katikati ya mji, nikauliza vitu vinne: seti ya cheni na sproketi, sahani za klachi, kabureta, CDI. Boxer 100 na TVS HLX 125 vyote vinne vilikuwepo, tena kwa bei za kushindana. Boxer 150 navyo vilikuwepo, ila bei ilikuwa juu kidogo.

Hapo yakabaki mafuta. Rafiki yangu ana Boxer 150, tunafanya kazi ileile ya vifurushi na chakula. Tulijaza matangi hadi shingoni kituo kimoja, tukafanya kazi siku mbili, tukarudi kujaza hadi palepale na kugawa kilomita kwa lita zilizoingia. Boxer 100 niliyoazima ilinipa kilomita 52 kwa lita, yake 40. Mimi hutembea kama kilomita 120 kwa siku, kwa hiyo yeye anachoma lita 3 na mimi 2.3. Lita ikiwa shilingi 5,000 hivi, tofauti ni 3,500 kila siku, na kwa siku 26 za kazi inafika 91,000. Yeye hubeba magunia hadi Mukono, cc 150 inamfaa. Boksi langu halizidi kilo 25, kwa nini nilipie nguvu nisiyoitumia?

Kuipata nzuri ndiko kulikonichosha. Muuzaji wa kwanza aliniambia nije saa nne asubuhi. Nilipofika niligusa silinda, ikawa ya moto. "Umeiendesha?" "Hapana bwana, ni jua." Jua gani, na pikipiki iko chini ya mwembe! Nikamwomba aiache usiku kucha, nirudi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Akakubali kwa shingo upande. Ilipowashwa ikiwa baridi na kupewa mafuta, moshi wa rangi ya buluu ukatoka na haukukoma hata baada ya dakika tano. Hiyo inakula oili, huenda ringi zimechoka. Kwa oili nzito mpya, moshi huo unaweza kufichika. Nilimshukuru nikaondoka.

Ya tatu ndiyo niliyochukua, kwa milioni 3.2. Iliwaka baridi kwa kiki ya pili. Nilisukuma kiki polepole kwa mkono, nikahisi inanisukuma, maana yake kompresheni ya injini ipo. Nilivuta cheni kwa nyuma kutoka kwenye sproketi kubwa, ikaachana nayo hadi nikaona nusu ya jino. Hiyo imekwisha, nikaitumia kupunguza bei. Kilomita zilizosomeka kwenye saa ya spidi sikuzijali, kebo yake hukatwa siku yoyote. Nilichojali ni namba ya injini na ya chesisi zilingane na kadi, herufi kwa herufi, nikiwa nimepangusa oili kwa kitambaa. Namba iliyosagwa hata kidogo ni sababu ya kuondoka, hata bei ikiwa tamu namna gani.

Tangu hapo nimebadilisha cheni na sproketi, plagi mbili, na sahani za klachi mara moja. Kila kitu nilikipata siku ileile, na kazi haijasimama zaidi ya nusu siku.

Ubaya wake ni vilima. Muyenga nikiwa na boksi limejaa hushuka hadi gia ya kwanza, na gari za nyuma hunipigia honi. Fundi alinifungia sproketi ya mbele yenye jino moja pungufu. Sasa napanda kwa gia ya pili, lakini kwenye barabara ya Entebbe injini inalia sana nikifika 70, na mafuta yameshuka hadi kilomita 48 kwa lita. Ile ya zamani nimeihifadhi kwenye kopo la oili, endapo kazi itanihamishia kwenye barabara tambarare.