Mate ni yale yale, Nigeria imetoka wapi?

Kipimo cha vinasaba cha kujua asili yangu nilichonunua kilikuja na kichupa cha kutemea mate, na majibu yalifika kwa barua pepe: 74% Mbantu wa Afrika Mashariki, 11% Irani, 9% Uarabuni, 6% Somalia. Kwa mtu wa Mji wa Kale, Mombasa, hakuna la kushangaza. Nikapakua faili la data ghafi, nikalipakia kwa kampuni ya pili inayopokea data za wenzake. Huko nikawa 48% Kenya, 27% Nigeria, 17% Mashariki ya Kati, 8% Somalia. Irani haimo kabisa.

Faili ni lile lile, kwa hiyo maabara haina lawama. Kinachobadilika ni watu unaolinganishwa nao. Kila kampuni ina kundi lake la kulinganishia, yaani watu ambao asili yao inaaminika kujulikana. Programu hukata vinasaba vyako vipande vipande, na kila kipande hupewa kundi linalofanana nacho zaidi. Jumla lazima ifike 100%, basi kipande kisicho na mwenyewe hupewa jirani.

Nigeria yangu nadhani imepatikana hivyo. Lugha za Kibantu na waliozizungumza zilianza kusambaa kutoka mpakani mwa Nigeria na Kamerun, miaka elfu kadhaa iliyopita, kwa hiyo vipande vyetu vingi bado vinashabihiana na vya huko. Kundi la Afrika Mashariki likiwa dogo, Nigeria yenye watu wengi huvizoa. Na sisi ni wachache kweli kwenye makundi hayo: katika Mradi wa Jenomu 1000, mkusanyo wa vinasaba vya watu wa mataifa mbalimbali ambao data zake ni za wazi, Kenya inawakilishwa na Waluhya wa Webuye. Mswahili wala Mmijikenda hayumo.

Irani ni kesi ngumu zaidi. Utafiti wa mifupa kutoka makaburi ya kale ya pwani, uliotolewa mwaka 2023, ulionyesha kuwa wanaume wenye asili ya Uajemi walichanganyika na wanawake wa Kiafrika tangu takriban mwaka 1000. Baada ya vizazi vyote hivyo vipande vimekuwa vifupi mno, na kipande kifupi hakitofautishi vizuri Mwajemi na Mwarabu. Hata kampuni ya kwanza, nilipopandisha kiwango cha uhakika kutoka 50% hadi 90%, sehemu kubwa ya Irani yangu ilihamia kwenye fungu pana la Asia Magharibi. Wangeanza kutuonyesha majibu ya kiwango hicho cha 90%, badala ya kukificha kwenye menyu.

Kwa asilimia peke yake, nisingelipa tena. Orodha ya jamaa ndiyo iliyonifaa: binti wa mama mdogo ametokea kote kuwili, na urefu wa vinasaba tunavyoshiriki unakaribiana, maana hapo tunalinganishwa mimi na yeye moja kwa moja.