Kundi la ubashiri la kulipia: timu wanapatia, madau yao ni balaa

Nyota moja, na hiyo moja nawapa kwa shingo upande.

Jina la kundi naliacha. Wanatoza kwa mwezi, wanakutumia mechi moja moja zenye odi za karibu 2.00, na kila mechi ina asilimia yake ya kushinda pamoja na dau lililopigwa kwa kanuni ya Kelly. Mdogo wangu alijiunga na mtaji wa shilingi 400,000, akawafuata kwa uaminifu kila dau. Mimi nilikuwa naandika matokeo pembeni.

Kanuni yenyewe sina ugomvi nayo. John Kelly aliitoa mwaka 1956 akiwa maabara za Bell kule Marekani, na hesabu yake ni sahihi kabisa:

```
f = (b*p - q) / b
```

Hapo `f` ni sehemu ya mtaji ya kuweka kama dau, `p` ni uwezekano wa kushinda, `q` ni wa kushindwa, na `b` ni faida kwa kila shilingi uliyoweka. Odi ya 2.00 inakupa `b` ya 1. Wakikwambia uwezekano ni asilimia 55, dau linakuwa 0.55 kutoa 0.45, yaani asilimia 10 ya mtaji. Shilingi 40,000 kwa mechi moja! Na ndivyo walivyokuwa wanaagiza, karibu kila siku.

Nikamwandikia msimamizi kwa adabu zote: "Samahani kaka, hii 55 mnaipataje? Na ikiwa kweli ni 52, dau si linabadilika?" Jibu lake: "Hesabu haidanganyi. Kama unaogopa, kaweke hela zako kwenye kibubu." Halafu akanitoa kwenye kundi. Nilikuwa nimelipia!

Swali langu ndilo lililobeba kila kitu. Ikiwa ukweli ni 52, dau la Kelly ni asilimia 4 tu. Ukiweka 10 umezidisha mara mbili na nusu, na ukivuka takriban mara mbili ya dau sahihi mtaji huanza kuliwa, hata kama timu unazochagua zinashinda zaidi ya nusu. Nilipiga hesabu: kwa ukweli wa 52, baada ya beti 100 za asilimia 10, mtaji wa 400,000 kwa kawaida unashuka hadi kama 362,000. Nusu Kelly, yaani nusu ya dau wanaloagiza, asilimia 5, inaufikisha karibu 431,000. Robo Kelly, kama 428,000. Timu ni zilezile na matokeo ni yaleyale, kinachotofautiana ni ukubwa wa dau.

Na ikiwa wao ndio wako sahihi, kwamba ni 55 kweli? Nusu Kelly bado inakuachia takriban robo tatu ya kasi ya ukuaji. Unapoteza kidogo ukiwa sahihi, unaokoka ukiwa umekosea. Isitoshe, hata makadirio yakiwa sahihi, kwa Kelly kamili kuna uwezekano wa karibu nusu kwamba siku moja mtaji utashuka hadi nusu ya ulipoanzia. Kwa nusu Kelly uwezekano huo unashuka hadi kama moja kwa nane.

Mwanahisabati Edward Thorp alipoitumia Kelly kwenye karata za blakijeki, uwezekano aliupata kwa kuhesabu karata zilizobaki. Mpira hauna karata za kuhesabu. Hiyo 55 ni makadirio ya mtu, na kwa beti 200 bahati peke yake inaweza kuyumbisha asilimia ya ushindi kwa pointi tatu na nusu juu au chini bila ajabu yoyote. Kutenganisha 55 na 52 kunataka beti elfu moja na zaidi. Huyu bwana alikuwa na msimu mmoja mkononi, anaongea kama aliyeshushiwa wahyi.

Basi niwe mkweli: kwenye daftari langu walipatia kama asilimia 52. Si haba, wengi hawafiki hapo. Nilikaribia kuandika kwamba lipia, chukua timu zao, weka robo ya dau wanaloagiza, utakuwa salama.

Lakini hapana. Mara nyingi ujumbe ukifika, odi ya 2.00 imeshashuka hadi 1.90. Kwa odi hiyo, hata kwa 55 yao wenyewe, Kelly kamili ni asilimia 5, si 10. Na kwa 52 Kelly inatoa namba hasi, maana yake usiweke hata senti. Robo ya dau baya hapo haisaidii kitu, unapoteza polepole tu. Wao walibaki na 10 yao ileile, na mdogo wangu akabaki na chini ya nusu ya mtaji wake. Hata ile nyota moja naifuta.