Kreatini ipi ununue kama unacheza leo na kesho tena

Mchezaji anayemaliza mechi ngumu Maisara Jumamosi jioni, halafu mwalimu anamtaka kiwanjani Jumapili alfajiri, akiingia dukani kutafuta kreatini, kirutubisho cha nguvu za msuli, huwa anataka kujua jambo moja: je, kopo hili litanirudishia miguu? Litasaidia kiasi, lakini kwa sharti la chakula. Kwa hiyo nafasi ya kwanza katika mwongozo huu nimeipa kitu ambacho maduka ya virutubisho hayakiuzi.

Uzito wa miguu siku ya pili, mara nyingi, ni upungufu wa glaikojeni, yaani wanga ambao msuli umejiwekea ndani kama akiba. Mechi ya dakika 90 au mbio ndefu inaikausha akiba hiyo, na hata ukila vizuri huchukua kama saa 24 kujaa tena. Kati ya Jumamosi saa 12 jioni na Jumapili saa 12 asubuhi una saa 12 tu, na humo ndani umelala.

Jaribio linalogusa hasa jambo hili lilifanywa na watafiti wa Nottingham, Uingereza, wakalitoa mwaka 2016. Wanaume 14 waliendesha baiskeli mpaka wakaishiwa nguvu, kisha wote wakalishwa wanga mwingi. Nusu yao walipewa na kreatini gramu 20 kwa siku. Vipande vya msuli vilipochukuliwa na kupimwa, waliotumia kreatini walikuwa na glaikojeni zaidi, na tofauti ilijitokeza ndani ya saa 24 za mwanzo. Baada ya hapo haikuongezeka, ilibaki tu. Maelezo yanayotajwa zaidi ni kwamba kreatini huvuta maji kuingia kwenye seli ya msuli, na seli iliyovimba kidogo huhifadhi wanga kwa kasi zaidi. Ila angalia vizuri: walipima msuli, hawakuwapeleka watu uwanjani kesho yake. Na hao watu walikuwa wakila wanga wa kutosha. Asiyekula hana cha kuhifadhi.

Nafasi ya kwanza: wanga wa jioni hiyohiyo

Ukiwa na muda mfupi kabla ya zoezi linalofuata, lengo ni kama gramu 1 ya wanga kwa kila kilo ya mwili, kila saa, kwa saa 4 za mwanzo. Tumchukue kijana wa kilo 70. Anahitaji gramu 280 kabla ya kulala. Anapovua viatu tu, ale tende saba ndogo na anywe glasi ya juisi ya muwa. Hapo ana karibu gramu 70. Saa 2 usiku ale wali uliopikwa, nusu kilo kwa mizani, ambao ni kama gramu 140. Nusu kilo ni sahani iliyojaa sawasawa, si ule wali wa kumwekea mgonjwa. Kabla ya kulala, chai yenye vijiko viwili vya sukari na mkate wa boflo wa gramu 120 hivi, na hesabu imetimia. Muhogo wa kuchemsha unaweza kushika nafasi ya wali bila tatizo. Samaki awepo, lakini asile nafasi ya wali tumboni.

Fedha ikitosha kitu kimoja tu mwezi huu, nunua mchele.

Nafasi ya pili: kreatini monohaidreti ya unga

Hii ndiyo iliyotumika katika tafiti nyingi, na ndiyo ya bei nafuu. Geuza kopo usome viambato: iwe kimoja tu, kreatini monohaidreti, bila sukari wala rangi. Alama ya Informed Sport, yaani kwamba bidhaa imepimwa kama ina dawa zilizokatazwa michezoni, ni nzuri kwa mchezaji anayeweza kupimwa dawa hizo. Unga uliosagwa laini zaidi unayeyuka vizuri kwenye glasi, basi. Msuli hautambui tofauti.

Usilinganishe bei ya makopo, linganisha bei ya gramu 5. Tuseme kopo la gramu 300 ni shilingi 90,000 na la gramu 500 ni 120,000. La kwanza lina dozi 60, kila moja 1,500. La pili lina dozi 100, kila moja 1,200. Kopo dogo ndilo ghali.

Namna ya kutumia inategemea haraka yako. Ukiwa na mashindano ya siku mfululizo, fuata njia ya Nottingham: mara baada ya zoezi la kwanza la kukausha nguvu anza gramu 20 kwa siku, ukizigawa mara nne za gramu 5, kila moja pamoja na chakula. Endelea siku 5 hadi 7, kisha shuka gramu 3 hadi 5. Usimeze 10 au 20 kwa mkupuo, tumbo litakuendesha. Asiye na haraka atumie gramu 3 kila siku. Msuli utajaa kreatini baada ya wiki nne hivi, lakini asitarajie kwamba Jumapili hii ataona kitu.

Unyevu wa huku kwetu utaufanya unga ushikane mabonge. Hayo si kuharibika, vunja kwa kijiko. Kinachoharibika ni kreatini iliyokorogwa kwenye maji ikaachwa: pole pole inageuka kreatinini, ambayo haina kazi mwilini. Koroga, kunywa.

Nafasi ya tatu: vidonge vya ganda

Ndani ni kitu kilekile. Lakini ganda moja huwa na miligramu 750 hivi, kwa hiyo gramu 5 ni karibu vidonge saba, na gramu 20 ni kama 27 kwa siku. Halafu kuna suala la halali. Kreatini yenyewe hutengenezwa kiwandani kwa kemikali, haitoki kwenye nyama. Lakini ganda linaweza kuwa la jelatini ya mnyama usiyemjua. Tafuta ganda la mimea au alama ya halali, au rudi kwenye unga.

Zinazobaki

Kreatini iliyochanganywa na sukari inafanya kazi, ila unanunua sukari kwa bei ya kreatini, na sukari ipo Darajani. Ya haidrokloraidi na ile inayosifiwa kwamba imepunguzwa asidi hazijaonyesha kuipita monohaidreti. Ya ethili esta ni mbaya zaidi, sehemu kubwa inaishia kuwa kreatinini. Ya maji tayari ndani ya chupa iache dukani.

Kuna wanaosema samaki wanatosha. Jodari mbichi ana kama gramu 4 kwa kilo, kwa hiyo anachangia, lakini gramu 20 ni kilo tano kwa siku. Pweza, pamoja na sifa zake zote, hana cha maana: misuli yake inatumia kitu kingine badala ya kreatini.

Wiki ya kwanza mizani itapanda kilo 1 hadi 2. Ni maji. Kwa beki wa Gombani si neno. Kwa mkimbiaji mwepesi wa mbio ndefu huo ni mzigo wa kubeba, na huenda ukala faida yote. Na kama zoezi lako la jana lilikuwa vyuma vya nusu saa, glaikojeni haikuisha, kwa hiyo usinunue kwa sababu hii. Maumivu ya misuli nayo ni jambo jingine.

Mwenye ugonjwa wa figo aonane na daktari kwanza. Hata mzima, akienda kupimwa damu aseme kwamba anatumia kreatini, maana kipimo cha kreatinini kinaweza kupanda kwa sababu ya unga huo huku figo ziko salama.